Video ya omena ya dakika kumi na moja: ikatwe wapi, na kava iweje?

"Napika na kurekodi video nikiwa Nyalenda, Kisumu. Video yangu ya omena ina dakika 11 na sekunde 20. Kule YouTube watu wanaibonyeza lakini wanatoka mapema. Nilikata dakika moja ya mwanzo nikaiweka TikTok na Facebook, ikalala kabisa. Mmoja ananiambia video fupi ndizo zinatembea, mwingine anasema YouTube inataka zaidi ya dakika nane. Na kava je, nitumie moja kila mahali? Nimekutumia picha za takwimu zangu."

Dada, nimerudia picha za takwimu zako mara kadhaa, na kitu cha kwanza kilichonigusa ni kava, kabla hata sijafika kwenye urefu. Kava yako ina ngege mzima aliyekaangwa, ugali pembeni na sukuma ya kijani kibichi. Ni picha nzuri kweli. Lakini video ni ya omena. Naelewa ulivyofikiri: omena ni wadogo, rangi yao ni kama majivu, na ukiwapiga picha ndani ya sufuria nyeusi wanaonekana kama mchanga. Ngege anapendeza zaidi, basi ukamchukua ngege wa siku nyingine.

Sasa weka namba mbili pamoja. Palipoandikwa `Impressions click-through rate` una asilimia 7.8, yaani kila kava yako ilipotokea mbele ya macho ya watu mara 1,000, ilibonyezwa mara 78. YouTube wenyewe wanaeleza kwamba nusu ya chaneli na video zote huwa kati ya asilimia 2 na 10, kwa hiyo kubonyezwa si tatizo lako. Halafu shuka kwenye mchoro wa `Audience retention`. Kwenye sekunde ya 30, kati ya kila watazamaji 100 wamebaki 38. Wengine 62 wameshaondoka kabla hujagusa omena hata mmoja. Hawa walikuja kwa ajili ya ngege, wakasubiri kidogo, wakaona ngege haji.

Hizo namba mbili usizisome moja bila nyingine. Kubonyezwa sana na kuachwa mapema ni dalili ya kava, au kichwa, iliyoahidi kitu ambacho mwanzo wa video haukitoi. Kubonyezwa kidogo huku wanaoingia wakikaa ni dalili ya video nzuri yenye kava dhaifu, na hapo hugusi video, unabadilisha picha tu. Zikishuka zote mbili, kwa kawaida nawaambia watu waende kwenye video inayofuata. Ila kuna jambo moja la kuangalia: asilimia ya kubonyezwa hushuka yenyewe pale YouTube inapoanza kuionyesha video kwa watu wasiokujua. Ukiona imetoka 7.8 ikafika 5 huku idadi ya kuonyeshwa ikipanda, hujaharibu kitu.

Sasa tuje kwenye urefu. Yule aliyekuambia dakika nane hakutunga. Dakika nane ndicho kiwango ambacho YouTube inakubali kuweka matangazo katikati ya video. Kabla ya Julai 2020 kilikuwa dakika kumi. Lakini hicho kinamhusu mwenye chaneli inayolipwa tayari. Ili ufike kwenye mgao wa matangazo unahitaji watu 1,000 waliojisajili, pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au mara milioni 10 za kutazamwa kwa Shorts ndani ya siku 90. Chaneli yako bado haijafika huko. Kwa sasa, kurefusha video ili ivuke dakika nane hakukuletei kitu, na kunakupunguzia hizo saa unazozitafuta.

Nikuonyeshe kwa hesabu yako. Wastani wako wa kutazamwa, ule `Average view duration`, ni dakika 2 na sekunde 16, sawa na asilimia 20 ya dakika 11:20. Ukiwa na wastani huo, saa 4,000 zinataka video itazamwe karibu mara 105,900. Tuseme umeikata ikawa dakika 5:40, na wastani umepanda mpaka dakika 2 na sekunde 33. Saa zile zile sasa zinataka karibu mara 94,100. Video imekatwa nusu, na bado kila mtazamaji anakuachia muda zaidi kuliko zamani.

Lakini asilimia pekee itakudanganya. Video yoyote ukiifupisha, asilimia inapanda, hata kama hujaboresha chochote. Sekunde 153 kati ya 340 ni asilimia 45, inapendeza. Ukiikata mpaka dakika mbili, watu wakatazama asilimia 70, utafurahi, kumbe hiyo ni sekunde 84 tu. Umepoteza karibu dakika nzima kwa kila mtu ukilinganisha na ulipoanzia. Kwa hiyo angalia asilimia na dakika kwa pamoja. Zikipanda zote, umekata mahali pazuri. Asilimia ikipanda huku dakika zikishuka, umekata nyama badala ya mafuta.

Hilo la kukata nyama nililifanya mimi mwenyewe. Nilimhariria fundi mmoja wa pikipiki wa Kondele video ya kufungua na kusafisha kabureta. Ilikuwa dakika 14, na kwa haraka zangu nikaifanya nne. Muda wa kutazamwa ulianguka. Nilipouangalia tena mchoro wa ile ndefu nikaona nilichopaswa kukiona mwanzo: baada ya dakika ya kwanza mstari ulikwenda tambarare mpaka karibu na mwisho. Waliobaki walikuwa na pikipiki mbele yao na spana mkononi, wanafungua skrubu moja baada ya nyingine pamoja naye. Dakika 14 ndizo kazi yenyewe ilivyochukua. Mstari ukiwa tambarare, weka mkasi chini.

Wako si tambarare. Nimeupitia kipande kwa kipande, na nitakueleza ninachokiona, kwa sababu majibu ya maswali yako yote matatu yamo humo.

Kutoka mwanzo hadi 1:32 unasalimia, unamshukuru kila aliyeandika maoni wiki iliyopita, unaonyesha jiko jipya. Mstari unaanguka kama jiwe. Kutoka 1:32 hadi 2:40 uko soko la Kibuye unanunua omena, na kuanguka kunapungua kidogo. Kutoka 2:40 hadi 4:30 unachambua omena kwenye uteo, kimya, na hapo kuna bonde: watu wanaruka mbele, wala hawaondoki. Hiyo ni tofauti kubwa. Anayeondoka amekata tamaa. Anayeruka bado anataka omena zako, ila hataki kukutazama ukitoa changarawe kwa karibu dakika mbili. Kutoka 4:30 unaosha, na ikifika 6:05, unapomwaga maji ya moto juu ya omena, mstari unapanda. Unapanda kuliko ulivyokuwa dakika iliyotangulia, na hilo linawezekana kwa njia mbili tu: watu wameruka wakatua hapo, au waliokuwepo wamerudi nyuma kutazama tena.

Mlima kama huo haumaanishi furaha kila mara. Nimesikiliza 6:05 kwa makini. Unasema omena wakae kwenye maji ya moto dakika tano, lakini wakati huohuo redio ya jikoni inapiga wimbo na sauti yako inazama. Chini kwenye maoni nimehesabu watu wanne wanaouliza "umesema dakika ngapi?" Kwa hiyo wanarudi kwa sababu mbili: hapo ndipo siri ya kuondoa uchungu ilipo, na hapo hawakusikia. Leo hii, kabla ya kazi nyingine yoyote, andika jibu kwenye maoni yako mwenyewe na ulibandike juu: maji ya moto, dakika tano, kisha chuja. Video ijayo, zima redio na uandike muda huo kwenye skrini.

Ukatavyo sasa. Huhitaji kufuta video na kuipakia upya. YouTube Studio kwenye kompyuta ina sehemu ya `Editor` inayokuruhusu kutoa vipande kwenye video iliyokwisha kuchapishwa, na anwani, maoni na idadi ya kutazamwa vinabaki. Saiba yoyote pale mjini itakutosha. Jua tu kwamba sehemu hiyo inatoa, haihamishi. Huwezi kuchukua sahani ya mwisho ukaileta mwanzo. Bahati nzuri huna haja. Ndani ya zile salamu, kuanzia 1:18 hadi 1:30, unainua kijiko cha omena waliopikwa jana na kusema "leo nataka uone omena hawa wanavyotoka bila uchungu." Hizo sekunde 12 ndizo mwanzo wa video. Yote yaliyotangulia, pamoja na jiko jipya, yatoke. Najua jiko hilo umelitafutia pesa kwa muda mrefu. Litengenezee video yake.

Kibuye bakisha sekunde 20, zile unazoonyesha jinsi ya kumtambua omena aliyekauka vizuri, maana hicho ni kitu mtu wa Eldoret au Nakuru anayenunua mbali na ziwa anakihitaji. Kuchambua bakisha sekunde 25. Kuosha, sekunde 50. Maji ya moto usiguse: sekunde 35 zote. Kukaanga kulichukua dakika 2:20, bakisha 1:40, na katika hizo usitoe pale omena wanapoanza kulia ndani ya mafuta, mtu anapikia sauti hiyo. Kitunguu, nyanya na dhania, dakika 1:20, ziache zilivyo, mstari wako hapo umetulia. Kwaheri yako ina dakika nzima. Bakisha sekunde 18. Jumlisha na zile 12 za mwanzo utapata dakika 5 na sekunde 40 kamili. Kwa hiyo hiyo 5:40 sikuichagua kwa kuwa ni urefu unaopendwa na YouTube. Ni mabaki baada ya kutoa kila mahali ambapo watazamaji wako wenyewe walikwisha kutoa kwa kidole.

Kuna anayeogopa kwamba ukitaja siri mwanzoni watu wataondoka. Kwa mapishi na kwa ufundi sijaona hivyo. Sema kitu chenyewe, "siri ni maji ya moto kabla ya mafuta," lakini namna ya kufanya iachie video: maji yawe moto kiasi gani, yabadilike rangi vipi, uchuje lini. Anayejua kuna kitu cha kweli mbele atasubiri. Anayesalimiwa kwa dakika moja na nusu hana sababu ya kuamini kwamba kipo, na bando lake linakwenda.

Kava mpya ya YouTube. Usiitoe ndani ya video, kwa sababu kwenye video mkono unatembea na picha ikisimamishwa inatoka na ukungu. Piga picha yake peke yake kwa simu hiyohiyo, asubuhi, karibu na mlango, taa ya jikoni ikiwa imezimwa. Mwanga wa balbu ukichanganyika na wa jua unawafanya omena waonekane kama wana homa ya manjano. Mtoe omena kwenye sufuria. Inua mwiko mmoja uliojaa, karibu kabisa na kamera, mpaka samaki mmojammoja waonekane vichwa na mikia, na vipande viwili vya nyanya vining'inie. Nyuma yake weka ule ukuta wako wa buluu, umbali wa hatua mbili, utafifia wenyewe. Sahani nyeupe usitumie, omena wanang'aa na weupe unawameza.

Ukubwa ni 1280 kwa 720, mlalo. Faili ikiwa chini ya MB 2 haitakusumbua popote. Maneno yasizidi matatu, na yasirudie kichwa cha video. Kichwa tayari kinasema "Jinsi ya kupika omena," sawa na watu wanavyotafuta. Juu ya picha andika BILA UCHUNGU, basi. Yaweke juu kushoto. Kona ya chini kulia YouTube inabandika muda wa video, na chini kabisa hupita mstari mwekundu kwa mtu aliyekwisha itazama nusu. Nimeona kava nyingi ambazo neno lenyewe lililobeba maana limefunikwa na "5:40".

Kisha ijaribu jinsi itakavyoonekana. Ipunguze mpaka itoshe ukucha wa kidole gumba, punguza mwanga wa simu, toka nje kwenye jua la saa sita, mpe jirani aitazame kwa sekunde moja, umuulize ameona nini. Akisema omena, imepita. Akisema "chakula," rudi mlangoni upige nyingine, sogea karibu zaidi. Watu wako wengi wanatazama wakiwa ndani ya matatu au kibandani, skrini imepasuka na mwanga umepunguzwa ili chaji ifike jioni. Kava inayosomeka kwenye kompyuta ya saiba peke yake haijasomeka.

YouTube inakuruhusu pia, kwa kompyuta, kuweka kava hadi tatu zishindane kwenye video moja, na inamchagua mshindi kwa muda watu waliotazama, si kwa kubonyezwa tu. Napenda hilo, kwa sababu ngege wako angeshinda kwa kubonyezwa na kushindwa kwa muda. Ila video isiyoonyeshwa sana itakaa wiki mbili bila mshindi wa wazi. Kwa chaneli ya ukubwa wako, badilisha kava moja, acha siku 14, linganisha na siku 14 zilizotangulia. Na usibadilishe kava na kukata video siku ileile, hutajua kipi kimefanya kazi. Anza na kava.

Sasa TikTok, Shorts na Reels. Hapa nakuomba usahau neno kava kwa muda, maana mtu anayeskroli haoni kava. Kule YouTube mtazamaji alisoma, akapima, akabonyeza, alikuchagua. Huku hajakuchagua. Video inaanza kucheza kabla hajajua ni ya nani, na kidole tayari kiko kwenye kioo. Kinachofanya kazi ya kava ni picha ya kwanza kabisa ya video yenyewe, ile ya nusu sekunde. Wewe ulikata dakika ya mwanzo, kwa hiyo picha yako ya kwanza ni wewe ukisalimia, video iko mlalo, na vitambaa viwili vyeusi juu na chini. Haikulala kwa sababu ni fupi au ndefu. Ilianza mahali pabaya.

Ianze pale watu wanaporudi: 6:05. Lakini usiikate kutoka video ya mlalo. Fanya hesabu: ukiikata picha ya mlalo ya 1920 kwa 1080 ili isimame wima, unabaki na upana wa pikseli 607 hivi, chini ya theluthi moja ya ulichopiga. Mkono wako utatoka nje, sufuria itakatwa. Siku ya kupika tena, azima simu ya pili, isimamishe wima, na urekodi hatua nne tu kwa simu hiyo: maji ya moto, kukaanga, nyanya, kijiko cha mwisho.

Nakupangia hivi. Sekunde mbili za kwanza ni maji ya moto yakimiminika juu ya omena, mvuke unapanda, sauti ya maji yenyewe bila muziki, na maneno katikati: "Omena chungu? Anza hapa." Mpaka ya tisa, unasema dakika tano na kuonyesha maji yalivyobadilika rangi. Mpaka ya ishirini, umechuja na unakaanga mpaka wanalia. Mpaka ya thelathini, kitunguu, nyanya, dhania. Nne za mwisho, kijiko kinatua kando ya ugali, halafu mkono uleule unashika tena sufuria ya maji. Hapo video inajirudia yenyewe, na mkono unaoinua sufuria unaungana na maji ya mwanzo. Wengi watazunguka mara ya pili kabla hawajagundua. Jumla ni sekunde 34. Ingeweza kuwa 28 au 45. Urefu wa video ya wima unapatikana kwa swali moja unalojiuliza kwa kila kipande: hiki kikitoka, omena bado watapikika? Kama ndiyo, kitoe.

Utasikia kwamba Shorts siku hizi zinakubali dakika tatu. Ni kweli, tangu tarehe 15 Oktoba 2024, kutoka dakika moja. Hilo lina mitego miwili kwako. Video ya wima isiyozidi dakika tatu inahesabiwa kuwa Short utake usitake, na kutazamwa kwenye mkondo wa Shorts hakuingii katika zile saa 4,000. Na Short inayozidi dakika moja ikiwa ndani yake kuna wimbo unaodaiwa na mwenyewe, inazuiwa. Redio ya jikoni, dada. Izime.

Kava za wima zinaanza kuwa na kazi pale mtu alipopenda klipu moja akaingia kwenye ukurasa wako kuona mwingine anapika nini. Hapo anaona vyumba vidogo vimepangana, na anachagua. TikTok na Instagram zinakuruhusu kuweka picha kutoka kwenye simu. Kwa Shorts unachagua picha iliyo ndani ya video yenyewe wakati wa kupakia kwa simu, kwa hiyo hakikisha kuna mahali ndani ya klipu ambapo mwiko umetulia na maneno yako kwenye skrini. Instagram ilibadilisha vyumba vyake Januari 2025 kutoka mraba kuwa wima zaidi, lakini bado juu na chini ya picha ya 1080 kwa 1920 vinakatwa. TikTok inaandika idadi ya kutazamwa chini kushoto. Ukiweka jina la chakula katikati kabisa, kwa herufi zilezile kila mara, OMENA, KUNDE, MBUTA, ukurasa wako utasomeka kama ubao wa hoteli, na mtu atajua pa kuingia. Kwa hiyo hapana, kava ya mlalo usiitumie huku. Picha ya mwiko ni ileile, lakini ipige mara mbili, simu ikiwa imelala na ikiwa imesimama.

Unapoipeleka Instagram na Facebook, tumia faili safi kutoka kwenye programu yako ya kuhariri, si ile uliyoishusha TikTok ikiwa na nembo yake inayorukaruka. Instagram walisema waziwazi tangu 2021 kwamba video zenye nembo ya programu nyingine hawazipendekezi sana. Facebook nayo ina jambo moja tu la kuongeza: video nyingi huanza bila sauti, kwa hiyo "dakika tano" iandikwe, isitegemee mdomo wako.

Ratiba yangu kwako ni hii. Kesho asubuhi, picha ya mwiko na kava mpya. Maoni yaliyobandikwa, leo. Siku 14 zikipita, kata video pale Studio kama nilivyoandika. Klipu ya sekunde 34 usiisubirishe, ipige ukipika omena tena wiki hii, na kwenye maelezo yake taja kichwa cha ile ndefu ili mtu aitafute. Baada ya siku 14 nyingine nitumie tena picha ya mchoro, hasa sekunde 30 za kwanza na lile bonde la kuchambua. Kama bonde bado lipo hata katika sekunde 25, omena wa video inayofuata wachambue kabla hujawasha kamera.